Jedwali la kliniki kabla halijatoka ofisini

Zahanati nyingi za Tanzania bado huandika wagonjwa wao kwa kalamu katika vitabu vya MTUHA. Siku takwimu zinapotakiwa nje, kurasa hupigwa picha au kuskaniwa, programu ikasoma maandishi, na mwisho hutoka jedwali la Excel. Mwongozo huu unaanzia hapo, jedwali likiwa limeshageuzwa na mtu fulani analisubiri kwenye barua pepe.

Nitatumia jedwali moja tu, la Kitabu cha 6, yaani rejesta ya wajawazito, kwa sababu sioni rejesta yenye mambo mengi ya mtu katika mstari mmoja kuliko hiyo. Humo mna namba ya kadi ya mama, jina lake, umri wake, kijiji na kitongoji, jina la mume au mwenza, mimba ni ya ngapi, wiki za mimba siku ya hudhurio la kwanza, kisha majibu ya kipimo cha VVU ya mama na ya mwenza wake. Tuseme aliyeomba ni mtafiti wa chuo. Anataka kujua ni wanawake wangapi huanza kliniki kabla ya wiki ya 12, na kama wanaochelewa ni wasichana wadogo au ni akina mama waliokwisha kuzaa mara nyingi. Ukiwa mwalimu mwenye jedwali la wanafunzi, hatua ni hizi hizi. Weka namba ya mtihani palipo na namba ya kadi, na jina la mzazi palipo na jina la mume.

Usianze kwa kufuta

Karibu kila mtu hufungua faili, huchagua safuwima ya majina, hubonyeza kufuta, kisha hutuma. Mwendo huo una kasoro moja kubwa: chochote usichokikumbuka kinabaki. Fanya kinyume chake. Fungua faili jipya lisilo na kitu, kisha ingiza humo safuwima zile tu ambazo mwombaji ameeleza atazitumia kwa kazi gani. Usichokikumbuka kitakosekana, na kukosekana kunarekebishika kwa ujumbe mmoja. Jina lililokwisha kutoka halirudishwi.

Kwa swali la mtafiti wetu, anachohitaji ni kundi la umri, idadi ya mimba, wiki za mimba siku ya kwanza, na labda robo ya mwaka. Basi. Hahitaji kijiji, hahitaji tarehe, na hakika hahitaji majibu ya VVU. Majibu hayo husafiri kwa sababu tu yamo kwenye faili, wala hakuna aliyeyaomba. Akikuambia "nitumie lote, nitachuja mwenyewe", mjibu kwa upole kwamba kuchuja ni kazi yako. Nchini Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya inaziweka katika kundi la taarifa nyeti. Kenya wana sheria yao ya mwaka 2019. Huna haja ya kuzisoma zote mbili ili ukatae kutuma safuwima isiyo na kazi, ingawa ni vizuri ruhusa ya Mganga Mfawidhi au ya kamati ya maadili iwe kwenye maandishi kabla hujagusa chochote.

Makosa yanayozaliwa na kugeuza

Jedwali lililochapwa na mtu huwa na makosa ya mtu: jina limeandikwa vibaya, umri umerukwa. Lililogeuzwa kutoka kwenye picha lina makosa ya aina nyingine, na ndiyo yanayovujisha majina. Mstari ukisomwa vibaya, seli zake zote husogea hatua moja kulia, na jina la mume likaangukia kwenye safuwima ya "mimba ya ngapi". Ukichukua safuwima ya mimba ukiamini ni ya namba tupu, umemchukua na Hamisi. Vichwa vya ukurasa hujirudia katikati ya jedwali, na juu ya ukurasa mara nyingi pana jina la muuguzi aliyekuwa zamu. Jina refu lililovunjika mistari miwili kwenye karatasi hugeuka kuwa mistari miwili ya jedwali, na ule wa pili una ubini peke yake, seli nyingine zote zikiwa tupu.

Namna ya kuyanasa ni kuuliza kila safuwima swali moja: humu panatakiwa kuwa na aina gani ya kitu? Safuwima ya umri haipaswi kuwa na herufi. Fomula hii, ukiiandika pembeni na kuiburuta hadi chini, inakuonyesha seli zilizoasi katika safuwima C:

```
=IF(ISNUMBER(C2),"","ANGALIA")
```

Kwa safuwima za maneno, kama kitongoji, bonyeza `Filter` na usome orodha ya maneno yaliyomo. Vitongoji vya eneo la zahanati moja havizidi vidole vya mikono miwili au mitatu, kwa hiyo jina la mtu lililopotea njia likaingia humo utaliona mara moja. Rekebisha yote haya kwenye faili la asili, kabla hujatoa hata safuwima moja.

Epuka pia mchezo wa kutafuta na kubadilisha, ule wa `Find and Replace`. Mtu huagiza kompyuta iondoe "Ali" kila mahali, nayo inatii: "alipewa" inabaki "pewa", "alizaliwa" inakuwa "zwa", na "Salima" anageuka "Sma". Majina yetu mengi ni maneno ya kila siku, Neema, Shida, Subira, Baraka, Zawadi, na mengine ni ya mahali. Ukifuta Amani ya mtu umefuta na Amani ya Muheza. Kibaya zaidi, aliyeandikwa "Mwanaid" wakati unamtafuta "Mwanaidi" anabaki palepale, nawe unaamini umemwondoa.

Msimbo mahali pa jina

Kama kila mama angekuwa na mstari mmoja tu, na hakuna atakayeuliza lolote baadaye, jina lingeondoka bila kuachiwa mbadala. Lakini mama hurudi kliniki, na mtafiti huuliza maswali. Kwa hiyo kila mama anahitaji msimbo, na msimbo huo uwe uleule popote anapotokea.

Kazi ngumu hapa haihusu kompyuta hata kidogo. Ni kuamua nani ni nani. Rukia wa hudhurio la kwanza ndiye Lukia wa hudhurio la tatu. Halima na Alima wanaweza kuwa mtu mmoja aliyeandikwa na wauguzi wawili wenye lafudhi tofauti. Upande wa pili, kitongoji kimoja kinaweza kuwa na Asha Juma watatu, kila mmoja na maisha yake. Panga jedwali kwa jina, umakinishe macho, ulinganishe umri, kitongoji na jina la mume, kisha uamue. Kazi hii inawezekana tu majina yangali mbele yako, kwa hiyo imalize kabla ya kutoa misimbo. Ukikosea, mtafiti atahesabu mama mmoja mara mbili na hatakuwa na njia ya kujua.

Ukishakuwa na orodha ya watu wasiojirudia, iweke kwenye laha mpya uiite `Ufunguo`. Safuwima A iwe na utambulisho wao, yaani jina, umri na kitongoji vikiwa vimeunganishwa katika seli moja, kwa tahajia moja uliyoisawazisha pande zote. Safuwima B iandikie fomula ya bahati nasibu, `=RAND()`, uiburute hadi mwisho. Nakili B uibandike juu yake yenyewe kwa `Paste Special`, `Values`, ili namba zitulie, kisha upange laha nzima kwa kufuata B. Majina sasa yamechanganyika. Safuwima C ndiyo inayobeba misimbo:

```
="M"&TEXT(ROW()-1,"0000")
```

Nayo pia ibandike kama `Values`; ukiiacha kama fomula, siku utakayopanga laha upya misimbo itahamia kwa watu wengine.

Kwa nini kuchanganya kwanza? Kwa sababu misimbo ikifuata mpangilio wa kitabu, M0001 ni mama wa kwanza wa Januari na M0002 ni aliyemfuata kwenye benchi. Yeyote aliyekuwepo siku ile, au anayeweza kukifungua kitabu, anahesabu tu. Kwa sababu hiyohiyo, panga jedwali la kutoka kwa msimbo kabla ya kulituma, maana mpangilio wa mistari nao unasema. Wala usitengeneze msimbo kwa herufi za kwanza za jina na mwaka wa kuzaliwa. "AJ1998" ni Asha Juma kwa kila anayemjua.

Kupeleka misimbo kwenye jedwali kubwa, ukiwa na safuwima A yenye utambulisho uleule, andika:

```
=VLOOKUP(A2,Ufunguo!$A$2:$C$400,3,FALSE)
```

Palipotokea `#N/A` kuna mtu ambaye tahajia yake haikusawazishwa. Rudi kwake, usijaze kwa kukisia.

Namba za vitambulisho

Wapo wanaofikiri kwamba jina likiondoka, namba ya kitambulisho, kama jedwali linayo, inaweza kubaki kwa sababu "ni namba tu". Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Hata ukiikata ukabakiza mwanzo wake, umetuma tarehe ya kuzaliwa. Ukibakiza tarakimu nne za mwisho, kama benki zinavyofanya kwenye kadi, umempa anayeijua namba nzima njia ya kuhakikisha kwamba mstari huu ni wa mtu yule.

Excel nayo ina mtego wake hapa. Hutunza tarakimu 15 tu za namba, zinazobaki huzigeuza sifuri. Namba ya NIDA iliyogeuzwa bila vistari huonekana `1.99803E+19`, na tarakimu zake 5 za mwisho zimekwisha kupotea. Watu wawili ambao namba zao zinafanana tarakimu 15 za mwanzo wanakuwa mtu mmoja, na ukitoa misimbo kwa kufuata namba hiyo, wanapewa msimbo mmoja. Dalili ni namba zinazoishia 00000. Dawa ni kugeuza upya huku safuwima hiyo ikiwa imewekwa kuwa `Text` kabla data haijaingia. Kuibadilisha kuwa `Text` baadaye hakurudishi kilichopotea.

Kuna na wale wanaojua kompyuta kidogo zaidi, ambao huhashi namba: huipitisha kwenye `MD5` au `SHA-256`, ikatoka mfululizo wa herufi usiosomeka, wakatuma wakiwa na amani. Mwaka 2014 jiji la New York lilitoa kumbukumbu za safari za teksi zaidi ya milioni 170, namba za teksi na za leseni za madereva zikiwa zimehashiwa kwa `MD5`. Mhandisi mmoja aligundua kwamba namba hizo hufuata muundo unaojulikana, kwa hiyo zinazowezekana zote zinahesabika. Alizihashi zote, akalinganisha, na ndani ya saa chache kila teksi ilikuwa na namba yake tena. Kitambulisho cha Kenya chenye tarakimu 8 kina uwezekano milioni 100 tu, na kompyuta ya mezani ya kawaida inazimaliza kabla chai haijapoa. Namba ya NIDA ni ndefu, lakini ukijua tarehe ya kuzaliwa ya mtu, sehemu kubwa ya kubahatisha imekwisha.

Kuhashi kuna mahali pake pamoja tu: zahanati kadhaa zinapotaka kumpa mama mmoja msimbo uleule bila kupeana orodha za majina. Hapo ongeza neno la siri refu, lililotengenezwa kwa bahati nasibu na kutunzwa nje ya jedwali, na utumie `HMAC` badala ya kuhashi kutupu. Kwa Python ni mistari michache:

```
import hmac, hashlib
siri = open("siri.txt", "rb").read().strip()

def msimbo(namba):
    n = "".join(c for c in namba if c.isdigit())
    return hmac.new(siri, n.encode(), hashlib.sha256).hexdigest()[:12]
```

Anayelikosa neno la siri hawezi kubahatisha. Anayelipata anarudi kwenye hali ya teksi za New York, kwa hiyo faili la `siri.txt` lichukulie kama ufunguo wenyewe, na mtafiti asilione kamwe. Kwa zahanati moja, orodha ya bahati nasibu niliyoeleza juu inatosha na ina hatari ndogo zaidi.

Safuwima ya maelezo

Hii huchukua sekunde moja kuamua, na watu huichelewesha kwa siku. Safuwima ya maelezo huandikwa na muuguzi mwenye haraka, kwa ajili ya muuguzi mwenzake: "mke wa mwalimu mkuu", "ameletwa na mama mkwe, nyumba ya pili baada ya msikiti", "rufaa, dada yake ni mhudumu wetu". Hakuna jina hata moja katika hizo tatu, na bado kila mtu kijijini anajua ni nani. Usijaribu kuisafisha kwa kufuta majina. Iache nje. Kama mtafiti anahitaji kitu kilichomo, mathalani rufaa, isome mwenyewe na utengeneze safuwima mpya yenye "rufaa: ndiyo" au "rufaa: hapana".

Mstari wa pekee

Jina limeondoka, namba imeondoka, maelezo yameachwa. Jedwali linaweza kuwa bado linamtaja mtu waziwazi. Fikiria mstari huu: miaka 14, mimba ya kwanza, kitongoji cha Mtakuja, wiki ya 30. Katika kijiji chenye shule moja, mstari huo una sura. Vivyo hivyo kwa mama wa miaka 46 mwenye mimba ya kumi na moja.

Anayetambua hutoka karibu zaidi kuliko tunavyodhani. Chukua safuwima ya majibu ya mwenza. Mume anakumbuka alipimwa tarehe gani, na majibu yake anayajua. Akipata jedwali lenye tarehe, anaupata mstari wake mwenyewe, na mkononi mwake ana majibu ya mkewe ambayo pengine hakuambiwa. Hakuna jina lililohitajika. Ndiyo maana nasisitiza tarehe isitoke: igeuze kuwa jibu linalotafutwa, yaani wiki za mimba siku ya kwanza, na kama majira yana maana kwa utafiti, weka robo ya mwaka.

Kupima upekee ni rahisi. Tuseme jedwali lako la kutoka lina mistari 312, kila mama na mmoja. Umri uko safuwima B, mimba ya ngapi C, na tuseme kitongoji nacho umekiacha, D. Pembeni andika:

```
=COUNTIFS(B:B,B2,C:C,C2,D:D,D2)
```

Fomula inahesabu ni mistari mingapi inayofanana na huu kwa mambo hayo matatu. Palipo na 1, mtu yuko peke yake. Wengi huweka kima cha chini kuwa 5. Kwa jedwali lenye majibu ya VVU mimi ningedai 10.

Mara ya kwanza utashtuka, kwa sababu umri wa mwaka mmoja mmoja ukikutana na kitongoji huacha watu wengi peke yao. Usikimbilie kufuta mistari. Panua makundi kwanza. Kitongoji kitoe kabisa, swali halikihitaji. Umri ufanye wa makundi matatu: chini ya 20, 20 hadi 34, 35 na zaidi. Mimba ziwe ya 1, ya 2 hadi 4, ya 5 na kuendelea. Wiki ziwe chini ya 12, 12 hadi 19, 20 hadi 27, 28 na zaidi. Mstari mmoja unabadilika hivi (jina ni la kubuni):

```
Kabla: 14/3 | Mwanaidi Salum Kombo | 17 | Mtakuja | Hamisi | mimba 1 | wiki 22
Baada: M0207 | chini ya 20 | mimba 1 | wiki 20-27 | robo 1
```

Rudia hesabu ukiwa na makundi mapya, safari hii ukizijumlisha wiki na robo ndani ya fomula, kwa kuwa nazo zinaonekana. Ikiwa robo inavunja makundi kuwa vipande vidogo mno, iache. Baada ya hapo kwa kawaida hubaki pembe chache tu zenye watu wachache, mathalani wanawake wawili wenye miaka 35 na zaidi katika mimba ya kwanza. Hao, pamoja na wenzao wa kundi hilo la umri wa kutosha kufikia kima, wawekee "haijatajwa" kwenye safuwima ya mimba, uhesabu tena, na mwandikie mtafiti ni seli ngapi zimefichwa na ni za kundi gani la umri. Mtafiti makini hatalalamika, ila ukimficha hilo hesabu zake zitapinda.

Hesabu hii ina kikomo chake. Tuseme umelazimika kutuma majibu ya VVU, kwa sababu utafiti unahusu hayo na ruhusa ipo. Kundi lina mistari kumi inayofanana, ukaridhika. Lakini kama wote kumi wana jibu moja, anayejua kwamba jirani yake yumo katika kundi hilo amekwisha kujua jibu lake, hata asijue mstari upi ni wa nani. Panga jedwali kwa makundi, pitia safuwima ya majibu kwa macho, na kila kundi lenye jibu la namna moja liunganishe na la jirani yake.

Faili lenyewe

Agosti 2023 polisi wa Ireland ya Kaskazini walijibu ombi la takwimu kwa kutuma faili la Excel. Laha iliyoonekana ilikuwa na idadi za askari kwa vyeo. Nyuma yake palikuwa na laha iliyofichwa yenye ubini, herufi za mwanzo za majina, cheo na kituo cha askari na watumishi zaidi ya 9,000, na faili likawekwa mtandaoni. Mwaka uliofuata jeshi hilo lilipigwa faini ya pauni 750,000. Ukweli ni kwamba kuficha laha au safuwima kwa `Hide` ni kama kufunga mlango kwa pazia, na nenosiri la `Protect Sheet` huzuia kuhariri tu. Data iko wazi ndani ya faili.

Kuna sehemu mbili nyingine ambazo majina hujificha hata kama laha zote zinaonekana. Ya kwanza ni jedwali la muhtasari, lile la `PivotTable`: hubeba ndani yake nakala ya data yote lililotengenezewa, hata ukiifuta laha ya asili. Ya pili inawanasa waangalifu. Umeweka ufunguo katika faili tofauti, vizuri, kisha ukaandika `VLOOKUP` ndani ya jedwali la kutoka inayousoma ufunguo ule. Excel, ili fomula ifanye kazi faili la pili likiwa limefungwa, huhifadhi ndani ya jedwali lako nakala ya seli ilizozisoma. Majina yote yanasafiri na jedwali na hayaonekani popote kwenye skrini.

Kwa hiyo usitume `.xlsx`. Nakili safuwima za kutoka, zibandike kama `Values` kwenye faili jipya, kisha hifadhi kwa `Save As` ukichagua `CSV UTF-8`. Faili la namna hiyo ni maandishi matupu: halina laha ya pili, muhtasari, maoni ya pembeni wala jina la mwandishi. Lifungue kwa Notepad, si kwa Excel, na ulisome. Hicho unachokiona ndicho kila kilichomo.

Kisha tafuta majina. Toa safuwima za majina, la mama na la mume, kwenye faili la asili, zivunje kila neno liwe na mstari wake, zihifadhi kama `majina.txt`, na kwenye kompyuta yenye Linux au Mac uandike:

```
tr -d '\r' < majina.txt > safi.txt
grep -i -w -F -f safi.txt kutoka.csv
```

Isipotoa kitu, hakuna jina lililobaki kwa tahajia unayoijua. Hakikisha tu `majina.txt` haina mstari mtupu, maana huo unaweza kulivuruga jibu lote. Angalia na jina la faili lenyewe. Nimeona "wajawazito_VVU" ikifuatiwa na jina la kijiji, data ikiwa safi na jina la faili likisema kila kitu. Mwisho mwonyeshe muuguzi mmoja wa kliniki hiyo, umwombe ataje yeyote anayemtambua. Akitaja, hata kwa kubahatisha, panua kundi lake.

Nyuma yako kumebaki nakala: picha za kurasa kwenye simu ya karani, PDF kwenye folda ya `Downloads`, labda kundi la WhatsApp zilimopitishwa. Kama kugeuza kulifanyika kwenye tovuti ya bure ya kubadilisha PDF, kitabu chote kilikwenda kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua kabla hujaficha hata jina moja, na hakuna hatua ya hapo juu inayoliponya hilo. Geuza kwa programu iliyo ndani ya kompyuta ya ofisi.

Baada ya kutuma

Laha ya `Ufunguo` ihamishie kwenye faili la peke yake, ulifunge kwa `Encrypt with Password` iliyo chini ya `File`, `Info`, `Protect Workbook`. Hiyo hufunga kweli. Nenosiri walijue watu wawili, ili mmoja akihamishwa kazi isisimame, na ufunguo usikae katika folda, barua pepe wala flashi iliyobeba jedwali. Andika tarehe ya kuuharibu, kwa makubaliano na mtafiti, kwa kuwa maadamu upo, jedwali lake bado ni taarifa za watu halisi na si takwimu tupu. Kama makubaliano ni kwamba hakuna swali litakaloulizwa, uharibu siku hiyohiyo.

Mara nyingi swali litakuja. Mtafiti atapiga simu: M0188 ana umri chini ya 20 na mimba ya 5 na kuendelea, kuna kosa? Mwambie utamjibu kwa maandishi. Fungua ufunguo, tafuta mama, rudi kwenye kitabu cha karatasi, utakuta pengine 1 iliyosomwa na kompyuta kuwa 7. Mwandikie: "M0188, mimba ni ya 1." Usiseme "aah, huyo ni yule binti wa…" hata kama mmezoeana, na usimtumie picha ya ukurasa kumthibitishia; ukurasa huo una wanawake wengine juu na chini ya mstari wake. Kisha rekebisha kwenye faili la asili, toa CSV upya, upitishe tena ile hesabu ya `COUNTIFS`, kwa sababu mtu akihama kundi, alikotoka panaweza kubaki na watu wanne.